Alama Tano za Mkono Uliotulia

Barua ya kumwajiri Zilpah Kageha ilikuwa kwenye droo ya tatu ya meza ya Daktari Murithi, na ilikuwa humo tangu Januari. Zilpah alikuwa amejaza nafasi zote zilizoachwa wazi, akatia saini yake, akairudisha kwa mkono wake mwenyewe. Ilibaki saini ya mkuu wa idara tu. Daktari Murithi aliipokea, akaitazama, akafungua droo, akaitumbukiza ndani. "Wewe endelea kufundisha," alisema. "Haya mambo ya karatasi yatakuja."

Basi akaendelea. Alifundisha Sheria ya Mikataba kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja kidogo cha Garissa, kile chenye ukuta wa buluu upande wa kwenda mtoni. Jina lake liliandikwa kwenye ratiba. Akapewa ufunguo wa ofisi, na mshahara ukaingia mwisho wa mwezi kama wa wenzake. Lakini kila alipoingia kwa mkuu wa idara, macho yake yalikimbilia ile droo kabla mdomo haujatoa salamu.

Kwao ni Vihiga. Alipopata kazi hii alikuwa na miaka thelathini na miwili, na alikuwa amekaa miaka mitatu akipanga mafaili kwenye ofisi ya wakili huko Kisumu huku akiambiwa nafasi yake ya kung'aa iko njiani. Aliposema anaenda Garissa, shangazi zake walilia utadhani anapelekwa kuzikwa. Mjomba mmoja alimwambia waziwazi kwamba angerudi kabla ya Pasaka. Pasaka ilipita, naye hakurudi. Alizoea joto, akazoea kuamshwa na adhana, akajua mwendesha tuktuk yupi anaongeza bei kwa wageni. Hata maziwa ya ngamia alikuja kuyapenda, ingawa nyumbani hakuthubutu kusema. Kurudi sasa na begi lake, mjomba akisimama mlangoni na ule uso wake wa "nilikuambia", ni jambo ambalo hakutaka hata kuliwaza.

Na kurudi kulikuwa karibu sana. Mtihani wake wa kwanza ulikuwa aibu tupu. Kwa woga wa kukosea aliokota hadithi kwenye mtihani wa zamani wa Uingereza na kubadilisha majina tu, kwa hiyo wanafunzi wa Garissa wakamkuta Bwana fulani akinunua kondoo barabara ikiwa imefungwa na theluji. Mwanafunzi mmoja aliinua mkono katikati ya mtihani akauliza kama hiyo theluji ni kizuizi cha polisi. Mwongozo wake wa kusahihisha ulikuwa mbaya zaidi: alama tatu kwa kutaja jina la kesi, hata kama mwanafunzi hajui kesi yenyewe inasema nini. Mtahini wa nje aliurudisha wote ukiwa na wino mwekundu kila ukurasa.

"Mtihani unaofuata ukirudishwa tena," Daktari Murithi alimwambia, taratibu, jinsi wasemavyo watu wasiopenda kuumiza, "itabidi somo nimpe mtu mwingine. Na ile barua sitaweza kuitia saini. Unanielewa, Madam Zilpah?"

Alimwelewa vizuri mno. Kamati ya kuhakiki mitihani ilipangwa Alhamisi, saa nne asubuhi.

Safari hii aliamua hadithi itoke hapahapa. Alikaa siku nne na swali moja tu, swali la alama ishirini, akiliandika na kulifuta mpaka karatasi ikachakaa. Swali la aina hii si hadithi ya kufurahisha watu. Kila sentensi lazima ibebe kitu. Ukiweka mvua, mwanafunzi atadhani mvua ina maana, naye atapoteza dakika kumi akiitafutia kesi. Ukisahau kutaja saa, basi hakuna atakayejua nani alitangulia. Na mitego yote uliyoificha, mwongozo lazima uitaje mmojammoja, na alama zake, ili hata mtu asiyekujua aweze kusahihisha akafika pale ulipofika wewe.

Hadithi yake ilikuwa hivi. Jumatatu, Mowlid anatangaza kwenye kundi la WhatsApp la wafugaji kwamba ana ngamia jike wa maziwa, bei laki moja na nusu, mwenye kumtaka amtafute. Shuaib anamjibu: natoa laki moja na ishirini. Mowlid anasema: laki moja na arobaini, na nakuwekea mpaka Alhamisi saa sita mchana. Jumatano wanakutana sokoni, wanapeana mikono chini ya shali kama ilivyo desturi, na Shuaib anambonyeza vidole kuonyesha laki moja na thelathini. Mowlid hasemi neno. Mkono wake unatulia, kisha wanaachana. Alhamisi saa tatu asubuhi, muuza chai anamwambia Shuaib kwamba yule ngamia ameuzwa kwa mtu mwingine. Shuaib anatuma ujumbe mbiombio: nakubali laki moja na arobaini. Kazi ya mwanafunzi: mshauri Shuaib.

Zilpah aliipenda. Tangazo kwa kundi zima ni mwaliko tu wa kuletewa bei, si pendekezo: alama tatu. Bei mpya inaua bei iliyotangulia, kwa hiyo Shuaib alipobonyeza laki moja na thelathini alijifungia mlango wa laki na arobaini, na huo ujumbe wa Alhamisi haumfai kitu: alama nne. Ahadi ya kumwekea mpaka Alhamisi haimfungi Mowlid, kwa sababu Shuaib hakutoa chochote kuinunua: alama tatu. Habari ya muuza chai, kwamba pendekezo linaweza kuondolewa hata kwa kusikia kwa mtu wa tatu anayeaminika: tatu nyingine. Kupanga hoja na kufikia ushauri: mbili.

Na ule mkono uliotulia, alama tano. Hapo ndipo alipojivunia. Kimya si ukubali. Aliweka kesi ya Felthouse, ambapo mjomba alimwandikia mpwa wake kwamba asipomsikia tena atahesabu farasi ni wake, na mahakama ikasema kimya cha mpwa hakiwezi kugeuzwa kuwa ndiyo. Alimbadilisha farasi akawa ngamia, akatabasamu peke yake.

Tabasamu halikudumu. Jumatano asubuhi alijiuliza: hivi ule mkono kweli hutulia? Aliwahi kuuona ule mchezo wa shali mara moja tu, kwa mbali, akiwa upande wa pili wa ua wa soko. Na yeye ndiye aliyechekwa kwa kuleta theluji jangwani. Je, akileta na ngamia asiyemjua?

Mtu wa kumuuliza alikuwepo. Mwenye nyumba wake, Mzee Alio, alikuwa dalali wa mifugo kwa miaka zaidi ya thelathini. Ila siku ya soko huondoka alfajiri na kurudi watu wamekwisha sali isha, na kesho yake ndiyo kamati. Zilpah akajifunga mtandio, akapanda tuktuk kwenda soko la mifugo. Njiani alijikumbusha sheria ya kwanza ya kutunga mtihani: usionyeshe mtu. Atauliza desturi tu. Swali hatalitaja.

Vumbi lilikuwa limesimama angani na ngamia walikuwa wakilalamika kwa sauti moja. Alimkuta Mzee Alio amesimama kati ya wanaume wawili, shali imefunika mikono yao. Mmoja alichomoa mkono wake ghafla, akageuka. Mzee akamrudisha kwa maneno matamu. Mikono ikaingia tena. Mara hii haikutoka. Ilikaa, ikatulia, Mzee Alio akatamka jina la Mungu na baraka, na mwenye ngamia akaanza kufungua kamba.

"Mzee Alio, salaam aleikum," Zilpah alisema walipomaliza. "Nina swali la desturi tu."

"Wa aleikum salaam, Mwalimu! Karibu. Uliza bole bole, hata ngamia wasikie."

"Yule aliyenyamaza. Mkono umetulia, hasemi kitu. Amekubali au bado anafikiri?"

Mzee Alio alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi. "Mwalimu, mkono ikitoka, hakuna biashara. Mkono ikikaa, na mimi niko hapa naona, ngamia imeuzwa. Maneno ya nini? Ukisema kwa mdomo, soko yote itajua bei yako."

"Kwa hiyo kunyamaza ni kusema 'ndiyo'?"

"Hapa? Walaahi, hiyo ndiyo kubwa kushinda zote. Mtu akisema baadaye sijakubali, hakuna dalali atashika mkono yake tena."

Zilpah akatoa daftari lake. Alama tano! Nusu ya darasa lake walizaliwa kwenye soko hili. Wangeandika kwamba Mowlid alikubali, kwa kuwa ndivyo ilivyo, naye angewapiga mkasi mwekundu kwa kusema kweli. Wale waliotoka Meru na Kitui, wasiojua lolote la shali, wangepata alama zote. Na mtahini wa nje akiupata mwongozo ule, hadithi ingekuwa ni ileile ya theluji.

Alikuwa bado ameinamia daftari lake, akiandika haraka, sauti ikamjia kwa nyuma.

"Mwalimu! Leo umekuja kununua ngamia?"

Alikuwa Billow, mwanafunzi wake, mwenye miaka arobaini na ushei, mfanyabiashara wa mifugo aliyeamua ukubwani kusomea sheria ili mawakili wasimchezee tena. Darasani hukaa mstari wa mbele. Ana kipaji kimoja kinachojulikana chuo kizima: kubashiri maswali. Alilitazama daftari, akamtazama Mzee Alio, akaitazama shali.

"Ah," alisema, na uso ukamfunguka. "Mambo ya mkono. Hii itakuja kwa mtihani?"

Zilpah alifungua mdomo. Akisema ndiyo, ameuvujisha mtihani. Akisema hapana, ni uongo, tena uongo wa kumpoteza mtu. Aliganda.

Billow alicheka kwa furaha. "Umenyamaza. Basi nimeelewa, Mwalimu. Tumemaliza."

Akaenda zake kati ya ngamia, simu yake tayari mkononi.

Zilpah hakumbuki vizuri alifikaje nyumbani. Anakumbuka alikaa kwenye kitanda na viatu bado viko miguuni. Mtihani ulikuwa umevuja kwa sababu ya kimya chake mwenyewe, kwa mtu ambaye maisha yake yote kimya ni ndiyo. Aliona aibu, na woga, na hasira kidogo juu ya Billow ambaye hata hakuwa na kosa. Mawazo mawili yalimvuta huku na huku. La kwanza lilikuwa rahisi: anyamaze tena. Nani angejua? La pili lilikuwa kulichana swali lote, akaokote lingine popote, na theluji yake ikibidi.

Alipopata nguvu ya kuketi mezani, jua lilikuwa limeanza kupungua ukali. Alianza na kosa lililo lake. Aliongeza sentensi mbili ndani ya hadithi: kwamba katika soko lile, kama wote wawili walivyojua, anayekataa bei huchomoa mkono, na anayeuacha mkono utulie mbele ya dalali huhesabiwa amekubali, na kwamba dalali alikuwepo. Sasa mtoto wa Kitui atajua anachojua mtoto wa Garissa. Kisha akaifungua ile sehemu ya alama tano. Mbili kwa anayesema kimya peke yake si ukubali, na Felthouse yake. Tatu kwa anayeona kwamba hapa hapakuwa na kimya peke yake, palikuwa na kitendo, na kitendo hupimwa kwa jinsi ambavyo mtu mwenye akili timamu aliye mahali pa Shuaib angekielewa. Hapo alihitaji kesi ya ukubali kwa vitendo. Iliyo maarufu ni ya Brogden na kampuni ya reli. Aliiandika kwa muhtasari.

Alipolisoma swali tena aliona kitu alichokuwa hajakiona. Kama mkataba ulikamilika Jumatano, basi habari ya muuza chai ilikuja imechelewa, na Mowlid amevunja mkataba. Kama haukukamilika, Shuaib hana lake. Akaandika chini ya mwongozo: mwanafunzi apewe alama kwa upande wowote atakaotetea vizuri, mradi aseme pande zote mbili. Swali lilikuwa zuri kuliko lilivyokuwa asubuhi. Hilo lilimuumiza zaidi, maana alikuwa ameshaamua kuiambia kamati kila kitu, na kesho lingetupwa.

Alhamisi saa nne kamili walikuwa watatu ofisini: Daktari Murithi, Kaltun anayefundisha Sheria ya Jinai na ambaye ndiye mhakiki, na Zilpah aliyekuwa hajanywa hata chai. Daktari alinyoosha mkono kupokea bahasha ya mtihani. Zilpah aliishikilia.

"Daktari, kabla hujafungua, nina la kusema."

Akasema yote. Soko, Mzee Alio, makosa ya mwongozo wa kwanza, Billow, na kile kimya.

"Billow," Daktari Murithi alisema. Akajishika paji la uso. "Kati ya watu wote, Billow."

"Jana jioni tayari amewaambia wenzake wasome mambo ya shali," Kaltun alisema. "Binti ya dada yangu yuko kwenye kundi lao. Nilidhani ni utani."

Zilpah aliitazama sakafu. Begi lake lilikuwa chini ya kitanda. Angeweza kuondoka na basi la asubuhi. Aliuona uso wa mjomba.

"Nipe hilo swali," Kaltun alisema. "Mwongozo kaa nao. Mimi nimelelewa na hilo soko, babu yangu alikuwa dalali. Kama kujua mkono kunatosha, nitapata zote."

Akachukua kalamu. Waliketi dakika thelathini, Daktari akijifanya anasoma barua pepe. Kisha Kaltun akasukuma karatasi yake, naye Zilpah akaisahihisha kwa mwongozo wake, akiwatajia alama kipengele kwa kipengele. Kwenye mkono alipata tano. Tangazo la WhatsApp aliliona. Ahadi ya mpaka Alhamisi aliipita kama haipo. Na kwenye ujumbe wa mwisho aliandika kwa ujasiri kwamba hata bila ule mkono Shuaib aliwahi kabla ya saa sita, kwa hiyo amepata ngamia wake kwa laki moja na arobaini.

"Lakini yeye mwenyewe aliiua hiyo bei," Zilpah alisema, polepole. "Alipobonyeza laki na thelathini."

Kaltun alisoma tena. "Abaay, dada yangu, kweli," alisema, akaanza kucheka. "Umeninasa. Kumi na mbili kwa ishirini, na mimi ni mjukuu wa dalali."

Daktari Murithi hakucheka. Alisema desturi iko ndani ya swali kwa kila mtu, na kwamba sura ya kwanza ya somo, ile ya pendekezo na ukubali, itatahiniwa ni jambo hata mtoto analijua. Hata hivyo, mmoja hawezi kuambiwa na wengine wasiambiwe. Tangazo libandikwe leo kwa darasa zima: kutakuwa na swali la soko la mifugo, desturi itaelezwa humo, na tukio lote la jana liandikwe kwenye ripoti ya mtahini wa nje. Zilpah aandike ripoti hiyo kwa mkono wake na kuitia saini. Alitikisa kichwa kukubali, akakumbuka, akasema "ndiyo" kwa sauti.

"Sasa nipe mwongozo," Daktari alisema. "Lazima nisome kila alama. Sitaki theluji."

Akasoma kwa sauti, kidole kikifuata mistari. Alama tatu. Alama nne. Alifika kwenye mkono uliotulia.

"'Tatu: ukubali kwa vitendo. Brogden. Upande mmoja ulijaza nafasi zilizoachwa wazi kwenye rasimu, ukatia saini, ukairudisha. Meneja wa upande wa pili aliiweka ndani ya droo ya meza yake, wala...'"

Kidole cha Daktari Murithi kilisimama hapo. Zilpah aliyasikia maneno yake mwenyewe kwa mara ya kwanza.

"'...wala haikukamilishwa kamwe,'" Kaltun alimalizia, akisoma juu ya bega lake. "'Lakini pande zote mbili zikaendelea kuutekeleza kwa miezi. Mahakama: mkataba upo.'"

"Hii umeniandikia mimi?" Daktari aliuliza.

"Hapana, Daktari. Haki ya Mungu nilikuwa nawaza ngamia."

Safari hii Zilpah hakuangalia pembeni. Kisha mkuu wa idara akavuta ile droo ya tatu. Ilikwama. Akaivuta tena kwa mikono miwili, akaitoa barua iliyopinda pembe, akaipapasa mezani mpaka ikanyooka.

"Kwa kesi hii, wanafunzi wangekupa mkataba hata nisipoweka saini," alisema. "Naona heri niiweke kabla hawajanishitaki."

Akatafuta kalamu yake mezani na mifukoni, hakuiona. Zilpah akampa yake, ile nyekundu aliyoileta kwa ajili ya kusahihisha.